Runinga imeshika Wi-Fi lakini inasema hakuna intaneti, simu zote zinapata. Tatizo liko wapi?

#1 Kibatari
Wakuu, habari. Runinga yangu ya Android ina miaka kadhaa na haijawahi kunisumbua. Juzi umeme ulikatika usiku kucha. Uliporudi, runinga iliwaka vizuri na kushika Wi-Fi yenyewe, lakini chini ya jina la mtandao imeandika "Connected, no internet". YouTube haifunguki, na programu nyingine ni hivyo hivyo.

Simu mbili na laptopu ziko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na zinafanya kazi. Nimefuta mtandao kwenye runinga nikaingiza nywila upya. Ruta nimeizima na kuiwasha mara tatu. Iko mita mbili tu kutoka kwenye runinga, mawimbi yamejaa. Kama imeunganishwa, inakosaje intaneti?

#2 Msumari
Hapo bando limekwisha mkuu. Kama lipo, rudisha runinga kwenye mipangilio ya kiwandani, dakika kumi umemaliza.

#3 Kibatari
Bando lipo, simu zinatumia hilo hilo. Kurudisha kiwandani naogopa, nywila za programu zote sizikumbuki.

#4 Bi Nyota
Usifute kitu kwanza. Hilo neno "Connected" linasema jambo moja tu: runinga na ruta wamekubaliana nywila. Kutoka kwenye ruta kwenda nje ni safari nyingine kabisa, na runinga huipima kivyake. Ya Android hutuma ombi dogo kwenye seva ya Google na kungoja jibu. Lisipokuja inavyotakiwa, ndipo inaandika "no internet".

Nisaidie mambo matatu. Simu iweke kwenye hali ya ndege, halafu washa Wi-Fi peke yake ujaribu tena, maana simu ikikosa intaneti kwenye Wi-Fi hurukia data ya laini kimyakimya na wewe ukadhani Wi-Fi ni nzima. Pili, fungua maelezo ya mtandao kwenye runinga utuandikie anwani ya IP na DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Tatu, tarehe ya runinga inasemaje?

#5 Zumari la Pwani
Hata mimi yangu ni hivyo hivyo! Simu inaona Wi-Fi ya nyumbani, runinga haioni kabisa jina lake. Nimehangaika wiki nzima, nisaidieni na mimi.

#6 Bi Nyota
Pole Zumari, lako ni tofauti. Yeye runinga yake imeingia kwenye mtandao, yako haijauona. Angalia kama ruta inarusha GHz 5 peke yake, kwa sababu runinga nyingi za bei nafuu husikia 2.4 tu. Fungua uzi wako, nitakuja.

#7 Kibatari
Bi Nyota, majibu haya. Simu kwenye hali ya ndege na Wi-Fi tu: inafanya kazi, video zinacheza. Runinga: IP 192.168.1.23, lango 192.168.1.1, DNS 192.168.1.1. Tarehe ndiyo imenishangaza, inasema 1 Januari 2018. Sikuwahi kuiangalia.

#8 Fundi Mzinga
Umeshapona. Anwani ni nzuri, ruta imekupa. Ingekuwa inaanza na 169.254 ningesema ruta haijakupa kitu, runinga imejibunia yenyewe. Mchawi wako ni tarehe.

Kila programu ikifungua mazungumzo na seva yake, seva inaonyesha cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Runinga inakilinganisha na saa yake. Yako inaamini ni 2018, basi cheti kilichotolewa juzi inakiona cha siku ambayo bado haijafika. Inakikataa na kukata mazungumzo. Hata lile ombi dogo alilolisema Bi Nyota lina sehemu inayopita kwenye njia yenye cheti, nayo inaanguka, na runinga inakuambia hakuna intaneti wakati intaneti ipo mlangoni.

Weka tarehe na saa kwa mkono, zima Wi-Fi ya runinga, iwashe tena, ulete jibu.

#9 Msumari
Tarehe tena? Runinga ya shemeji yangu inakosea saa tatu nzima tangu ilipofungwa, na YouTube inacheza kila siku. Mimi nasema ni DNS. Weka 8.8.8.8 mambo yaishe.

#10 Fundi Mzinga
Msumari, saa tatu si miaka. Cheti huishi wiki au miezi, kwa hiyo kukosea masaa machache mara nyingi hakukigusi. Tena huenda saa ya shemeji haijakosea, ni kanda ya saa tu iliyochaguliwa vibaya. Runinga ndani yake huhesabu saa ya dunia, kanda inabadilisha kinachoandikwa kwenye kioo. Ndiyo maana ukiweka kwa mkono hakikisha na kanda iko sawa, la sivyo unasogeza saa ya ndani bila kujua.

#11 Kibatari
Wakuu, IMEKUBALI! Nimeweka tarehe, nikazima Wi-Fi na kuiwasha, maandishi ya "no internet" yameondoka, YouTube imefunguka. Fundi Mzinga ubarikiwe.

#12 Ukindu
Uzi umeisha mapema hivi? Nilikuwa nimeshavuta kiti.

#13 Kibatari
Ukindu kaa tu. Jana usiku nilizima runinga ukutani, si kwa rimoti kama kawaida yangu. Asubuhi nimewasha: 1 Januari 2018 na "Connected, no internet". Nimeweka tarehe tena ikakubali tena. Lakini siwezi kuweka tarehe kila asubuhi.

#14 Bi Nyota
Hapa ndipo swali lenyewe linaanza. Runinga nyingi hazina betri ya kutunza saa. Ikiwa kwenye kusubiri, ile taa nyekundu ikiwaka, saa inatembea. Ukikata umeme ukutani inasahau na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Hilo si kosa. Ikiwaka inapaswa kuuliza saa kwenye mtandao, na seva ya saa huulizwa bila cheti, hivyo tarehe mbaya haiizuii. Yako kwa nini haipati?

Kwanza hakikisha kwenye mipangilio ya tarehe umechagua "Use network-provided time". Ulipoweka kwa mkono lazima uliizima.

#15 Kibatari
Kweli, niliizima. Sasa nimeirudisha, nimezima ukutani, nimewasha, nimesubiri nusu saa nzima. Bado 2018. Na kabla ya haya yote ilikuwa imewashwa, sikuwahi kuigusa.

#16 Mvuvi wa Mawimbi
Mimi naona ni mashindano ya kuwaka. Umeme ukirudi, runinga iko tayari kabla ya ruta. Inauliza saa, haipati, inakata tamaa na haiulizi tena kwa muda mrefu. Kwangu ilikuwa hivyo. Nikiacha ruta iwake kwanza dakika tano, ndipo niwashe runinga, tarehe inakuja yenyewe.

#17 Kibatari
Mvuvi, ruta haikuzimwa jana usiku, ilikuwa inawaka muda wote. Nilizima runinga tu.

#18 Mvuvi wa Mawimbi
Basi kwako hapana. Ila wengine wakipita hapa waijaribu.

#19 Bi Nyota
Kibatari, washa hotspoti ya simu, unganisha runinga humo, usiguse tarehe. Tuone kama itajiweka yenyewe.

#20 Kibatari
Haikufika dakika moja! Tarehe imekuja sahihi yenyewe, YouTube imefunguka. Nikairudisha kwenye ruta ikaendelea kufanya kazi. Nikazima ukutani, nikawasha ikiwa kwenye ruta: 2018.

#21 Fundi Mzinga
Basi runinga ni nzima, tuiache. Kuna kitu ruta yako inakizuia, na kinahusu saa peke yake, kwa sababu tarehe ikishakaa sawa mengine yote yanapita. Umewasha kichujio chochote?

#22 Msumari
Kuzuia ni "MAC filter" hiyo. Ingia kwenye ruta, angalia kama anwani ya runinga imewekwa kwenye orodha ya kukataliwa.

#23 Bi Nyota
Msumari, umegusa mahali sahihi kwa kitu kisicho chenyewe. Kichujio cha MAC hukikataa kifaa kizima. Kikiwa mlangoni pa Wi-Fi, runinga isingeingia kabisa. Kikiwa kwenye njia ya kutoka nje, ingeingia na kupata IP, na ingeandika "no internet" kama hii, lakini kuweka tarehe kusingeifungua YouTube. Kwake imefunguka.

Ila kwa anayepita na tarehe yake iko sawa, ushauri wako ni wa kufuata. Ajue tu kwamba runinga ina anwani mbili za MAC, ya waya na ya Wi-Fi. Nimeona mtu ameruhusu ya waya, akashangaa Wi-Fi haitoki.

#24 Kibatari
Kichujio kipo. Wiki mbili zilizopita niliwasha "Parental Control" kwa sababu ya mwanangu, alikuwa anapakua michezo kwenye tovuti za ajabu ajabu. Lakini runinga iliendelea vizuri siku zote hizo, mpaka umeme ulipokatika. Ndiyo maana sikukitaja.

#25 Bi Nyota
Umezuia nini humo? Andika kama kilivyo.

#26 Kibatari
Kuna sehemu ya maneno. Niliweka maneno manne, jina la tovuti likiwa na neno hilo linazuiwa: apk, mod, games, android. Vifaa: vyote.

#27 Fundi Mzinga
android!

#28 Bi Nyota
Seva ya saa ambayo Android huiuliza kwa kawaida inaitwa `time.android.com`. Runinga za zamani zaidi ziliuliza `2.android.pool.ntp.org`. Majina yote mawili yana neno lako ndani.

Chukua laptopu, andika hivi, ya pili ni ya kulinganisha:

```
nslookup time.android.com 192.168.1.1
nslookup www.google.com 192.168.1.1
```

#29 Kibatari
Ya kwanza imejibu 0.0.0.0. Ya pili imeleta anwani ya kawaida.

#30 Msumari
Si nilisema DNS tangu #9? Weka 8.8.8.8 kwenye runinga umpite huyo ruta.

#31 Kibatari
Msumari, nimekufuata. Ili kubadilisha DNS ilibidi nichague "Static", nikajaza IP 192.168.1.23, lango 192.168.1.1, "Network prefix length" 24, DNS 1 nikaweka 8.8.8.8. Nimezima ukutani na kuwasha. Bado 2018. Nikarudia ile amri kwenye laptopu nikitaja 8.8.8.8 badala ya ruta:

```
nslookup time.android.com 8.8.8.8
```

Jibu ni 0.0.0.0 vile vile. Google wenyewe wanaikana seva yao?

#32 Fundi Mzinga
Hawajaikana, swali lako halikuwafikia. Maswali ya kawaida ya DNS hutoka wazi kupitia mlango namba 53, na ruta yenye kichujio cha namna hii huyakamata njiani bila kujali umemwandikia nani, kisha inajibu yenyewe. Ndivyo inavyomzuia mtoto mjanja asibadilishe DNS akatoka. Kwa hiyo Msumari, nusu umepatia: ugonjwa ulipita kwenye DNS, ila dawa ya 8.8.8.8 ruta hii inaimeza.

Kibatari, rudisha "DHCP" kwenye runinga. Ukiacha 192.168.1.23 umeishika kwa nguvu, ipo siku ruta itampa mtu mwingine namba hiyo hiyo na mtagombana.

#33 Bi Nyota
Sasa tazama mnyororo ulivyokaa, ndio uliokuwa ukitupoteza. Kichujio kiliwashwa wiki mbili nyuma, runinga ikawa inazimwa kwa rimoti tu, saa yake ikaendelea kutembea. Haikuhitaji kuuliza sana, na hata ilipokosa jibu, tarehe iliyokuwa nayo ilitosha. Umeme ulipokatika ikasahau. Ikauliza jina la seva ya saa, DNS ya ruta ikasema 0.0.0.0, anwani isiyofika popote. Ikabaki 2018. Vyeti vyote vikawa vya siku ambayo haijafika. Mwisho wa yote kioo kikaandika hakuna intaneti, neno moja kwa makosa manne yaliyofuatana.

Simu hazikuona lolote kwa sababu zina betri, na laini ya simu nayo huzipa saa. Laptopu ina betri yake ndogo ya saa ndani, na kama ni ya Windows huuliza `time.windows.com`, ambayo haina neno lako.

#34 Kibatari
Nimesoma hii mara mbili. Nimeliondoa neno android, yale matatu nimeyaacha, nikahifadhi. Ruta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nikazima runinga ukutani, nikawasha. Tarehe imekuja kabla sijakaa kwenye kiti.

#35 Mvuvi wa Mawimbi
Safi. Lakini naomba niwe mbishi kidogo: ruta nayo imewaka upya. Utajuaje kilichoponya ni neno na si kuwaka upya? Ruta yangu ilikuwa inajibu DNS vibaya kwa siku kadhaa bila kichujio chochote, nikaizima na kuiwasha ikatulia.

#36 Fundi Mzinga
Mvuvi, alishaizima mara tatu kwenye #1 na haikusaidia.

#37 Mvuvi wa Mawimbi
Alizima na kuwasha. Kuhifadhi mipangilio upya kunaweza kuandika vitu vingine pia. Njia ya kumaliza ubishi ni kulirudisha neno na kuona kama tatizo linarudi.

#38 Bi Nyota
Hoja ina uzito, ingawa 0.0.0.0 kwa jina moja na jibu zuri kwa jingine ni ushahidi mkubwa. Ruta iliyochoka hukosea ovyo, haichagui majina yenye neno fulani.

#39 Jabali Jeupe
Samahani kuingilia. Yangu tarehe ni sahihi kabisa, IP ipo, YouTube inacheza, ila programu moja na tovuti kadhaa zinakataa zikisema muunganisho si salama. Runinga ni ya zamani sana. Fundi mmoja kaniambia nirudishe tarehe nyuma hadi 2020 zitafunguka. Nimefanya hivyo, sasa hata YouTube imekufa.

#40 Fundi Mzinga
Rudisha tarehe sahihi haraka. Huyo fundi kuna kitu alikisikia nusu. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja, DST Root CA X3, kilifika mwisho wake, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa na mrithi wake, ISRG Root X1, vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa zikimtegemea. Yeye kafikiri ukirudi kabla ya siku hiyo, cheti mama kinafufuka. Lakini vyeti vya tovuti zenyewe ni vipya. Ukiwa 2020 ndani ya runinga, vyote ni vya kesho. Umetoroka tatizo moja ukaingia lile la Kibatari.

Kwako angalia kama runinga ina sasisho la mfumo. Kama mtengenezaji ameacha kulitoa, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI chenye mfumo mpya kinakuja na vyeti vyake.

#41 Jabali Jeupe
Sasisho hakuna, nilishaangalia. Nashukuru, YouTube imerudi.

#42 Ukindu
Swali kwa wajuzi. Mimi runinga yangu haina intaneti kabisa, ina antena tu, na saa yake iko sawa. Inaipata wapi?

#43 Mvuvi wa Mawimbi
Kwenye matangazo ya dijitali. Kituo hurusha saa pamoja na picha, na runinga nyingi zinaweza kuichukua hapo. Kibatari, ukichomeka antena kwenye yako angalia kama kuna chaguo hilo kwenye saa, itakuwa akiba yako mtandao ukigoma. Ila kituo kikirusha saa mbaya, runinga nayo itaibeba hivyo hivyo.

#44 Msumari
Nami niongeze langu, leo nimejaribu kwenye ruta yangu. Sina kichujio cha maneno. `nslookup time.android.com` inaleta namba nzuri, lakini runinga ya chumbani haiweki tarehe hadi leo. Kwa hotspoti inaweka. DNS iko safi, sasa hii ni nini?

#45 Bi Nyota
Swali zuri Msumari. Kupata jina ni hatua ya kwanza tu. Saa yenyewe hutembea kwa UDP mlango namba 123. Ukuta wa moto wa ruta ukiwa kwenye kiwango cha juu, au aliyeko juu ya ruta akizuia mlango huo, jina litapatikana na saa haitafika. Ingia kwenye "Firewall", angalia kiwango kilichowekwa na kama kuna sheria inayotaja 123.

#46 Msumari
Kiwango ni "High". Nimeshusha hadi "Medium", nimezima na kuwasha runinga. Bado. Sheria ya 123 siioni popote.

#47 Fundi Mzinga
Basi huenda kizuizi kiko nje ya ruta yako, au mtengenezaji wa runinga yako aliweka seva yake nyingine ya saa na hiyo ndiyo haifikiki. Kwenye kioo hayo mawili yanafanana kabisa. Ruta yako ikiwa na kumbukumbu ya maombi ya DNS, iwashe, halafu washa runinga uone inaita jina gani dakika ya kwanza.

#48 Kibatari
Nimerudi. Nimefanya alichotaka Mvuvi: nimerudisha neno android, nikahifadhi, ruta ikajiwasha upya, nikazima runinga ukutani. 2018. Nikaliondoa, ikajiwasha upya, nikazima runinga tena: tarehe sahihi. Nimerudia mara mbili, majibu ni yale yale.

#49 Mvuvi wa Mawimbi
Nimeridhika. Ni neno.

#50 Kibatari
Mwanangu sasa nimemhamishia kwenye kundi lake ndani ya kichujio, tableti yake peke yake, na neno android limebaki huko. Saa ya tableti nitaitazama kila ikizimika kabisa, maana nayo haina laini.

#51 Msumari
Nimeipata kumbukumbu ya DNS kwenye ruta. Dakika ya kwanza runinga imeita majina kumi na moja, na hakuna lenye neno time wala ntp. Naandika yote hapa jioni, msifunge uzi.